Kiuno cha Mwenyekiti

Baba alipofariki aliniachia duka la ushonaji pale Kilosa, jirani na soko. Kilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili za kukanyaga, pasi ya mkaa, meza ndefu ya kukatia, na mkasi mzito ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukatia karatasi. Aliniachia pia wateja, ila hao walikuwa wameshaanza kupungua kabla yeye hajaugua. Mageuzi ya uchumi yalikuwa yamefika Kilosa, na kwetu yalifika yakiwa yamefungwa kwenye marobota. Mbele ya mlango wetu muuza mitumba mmoja alikuwa ametandaza turubai lake, na juu ya turubai kulikuwa na makoti mazuri kuliko yoyote tuliyowahi kushona, na kila moja liliuzwa kwa bei ambayo kwangu isingetosha kununua bitana.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani tulikubaliana kutoyazungumza. Baba alikuwa amenifundisha mashati, sketi za shule na suruali. Koti hakunifundisha. Siku za kukata koti alikuwa ananipa mgongo kabisa, ameinamia meza, na mimi nilikua nikiamini kwamba ananificha ufundi wake. Baada ya msiba nilimwuliza mama. Akasema, "Alikuwa anafuata mwanga wa dirisha. Ungemwuliza angekuonyesha."

Basi mteja wangu wa kwanza wa suti akawa Mwenyekiti.

Nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote, hata baada ya kuacha uenyekiti. Kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa chama pale kwetu, mtu wa suti ya kijani ya mikono mifupi yenye mifuko minne, kalamu mbili kifuani. Katika ujana wangu alituhutubia mara kwa mara juu ya tai. Alisema tai ni kamba ya mkoloni. Alisema mtu anayevaa koti kwenye joto la Kilosa ameshauza akili yake. Wakati wa suruali za bugaluu, zile pana miguuni, aliingia dukani kwetu na vijana wawili, akachukua mkasi wa baba, ule ule mkasi, akakata miguu ya suruali tatu za wateja zilizokuwa zimetundikwa ukutani. Baba alimtazama mpaka akamaliza, kisha akamwomba mkasi wake auoshe.

Sasa Mwenyekiti alikuwa amestaafu na amekuwa mfanyabiashara. Namna alivyopata kiwanja Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, ni jambo ambalo watu walilieleza kwa sauti ya chini na kila mmoja kwa namna yake. Alikuwa amejenga nyumba ya wageni yenye baa mbele, kwa ajili ya madereva wa malori na watalii watakaopotea njia wakitoka mbugani. Ufunguzi ulikuwa karibu. Akaingia dukani na kifurushi cha gazeti chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Pole tena na msiba, kijana. Baba yako alikuwa fundi." Akafungua gazeti mezani. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kijivu chenye mistari myembamba myeupe. "Unakiona hiki? Kimetoka Ulaya."

Njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi inapita kijiji kinachoitwa Ulaya, chenye mahindi na vumbi jingi. Nilitaka sana kuuliza kama ndiyo hiyo. Sikuuliza. Nilikuwa sijawahi kushika kitambaa kizuri namna ile.

Alitaka koti la vifungo viwili na suruali isiyo na vipitishio vya mkanda. Hapo nilijaribu kushauri. Akanitolea ukurasa aliouchana kwenye kalenda, mzungu amesimama kando ya gari, koti wazi, kiuno safi bila mkanda. "Suti ya kweli haifungwi kama mzigo wa kuni," alisema. Mtu yule yule wa kamba ya mkoloni.

Nikachukua futi, nikaanza kumpima kama nilivyomwona baba akipima: urefu wa mgongo kutoka mfupa wa shingo, upana wa mabega, mkono kutoka bega hadi kifundo, kifua. Yote yalikwenda vizuri. Lakini futi ilipoanza kuteremka kuelekea tumboni, Mwenyekiti alibadilika. Mabega yalirudi nyuma, kifua kikapanda, kidevu kikainuka, na tumbo, ambalo lilikuwa limeingia dukani kabla yake, likapotea. Sijui alilipeleka wapi. Uso ulianza kuwa mwekundu kwa chini ya weusi wake.

"Pumua tu kawaida, Mwenyekiti."

"Napumua," alisema kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake.

Nikaandika namba ile. Alipoiona karatasi akatabasamu. "Kiuno changu ni kile kile tangu nilipooa. Baba yako alikuwa anajua. Miaka yote ile suti moja, haijawahi kunikataa."

Kabla sijagusa kitambaa chake nilikwenda kwa muuza mitumba, nikachagua koti lililotoboka mgongoni, nikalifumua lote mezani. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Kwa nje koti ni vipande vichache tu: mbele mbili, mgongo wenye mshono katikati, mikono ambayo kila mmoja ni vipande viwili, wa juu mpana na wa chini mwembamba, ndiyo maana unapinda kama kiwiko. Ndani kulikuwa na kitu kingine. Katikati ya nguo na bitana palikuwa na kanvasi, kitambaa kikavu chenye singa za farasi, na kilikuwa kimeshikizwa kwenye kola kwa mamia ya vishono vya mkono vidogo sana, kila kimoja kikivuta kidogo, mpaka kola ikajifunza kukunjika yenyewe. Kifua cha koti kilikuwa kimejengwa. Sehemu ya chini ya kola ilikatwa mshazari ili izunguke shingo bila kubisha. Nikaelewa kwa nini baba alihitaji mwanga.

Nikalowanisha kitambaa cha Mwenyekiti na kanvasi pia, nikavianika kivulini, ili visije vikasinyaa baada ya kushonwa. Nikavipiga pasi. Nikalaza kitambaa mezani, nikapanga mistari ya upande huu itazamane na ya upande ule, nikachora kwa chaki. Kila mahali nilipochora mshono niliacha akiba nene ya kitambaa pembeni: ubavuni, katikati ya mgongo, kwenye pindo, nyuma ya kiuno cha suruali. Akiba ile haikutokana na hekima yoyote. Niliogopa tu, na mtu mwoga anakata mbali na mstari.

Kisha nikakata. Kitambaa kile kilitoa sauti chini ya mkasi ambayo shati halitoi, sauti nzito na ya polepole. Nilipomaliza nilikuta nimeloa mgongo mzima.

Nilishikiza vipande kwa bandi, ule mshono mrefu wa mkono wa kufumuliwa baadaye, nikamwita Mwenyekiti aje ajaribu. Akaja, akavaa, akasimama mbele ya kioo, akapeleka tumbo lake kule linakokwenda. Koti lilimkaa kama amezaliwa nalo. Aligeuka upande, akageuka upande mwingine, hakuna mkunjo.

"Unaona," alisema, bado kwa ile sauti nyembamba.

Nilifurahi kuliko siku ya matokeo yangu, ingawa hilo si jambo gumu. Nilimwambia arudi jaribio la mwisho kabla sijafunga bitana.

Katikati ya siku zile, mke wake akaja dukani. Alikuwa mama mnene mpole wa kanisani, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kumalizia sentensi ambazo wengine wameziacha hewani. Alileta ile suti ya kijani, mfuko mmoja umechanika.

"Mrekebishie huu mfuko, mwanangu. Anaivaa shambani siku hizi." Kisha akaitazama suti ya kijivu iliyotundikwa, akaitazama kwa muda. "Ulimpima akiwa amesimama?"

"Ndiyo, mama. Kila mtu anapimwa amesimama."

"Mh," alisema, akaenda zake sokoni.

Niligeuza suti ya kijani nje ndani ili niushike mfuko vizuri. Hapo ndipo nilipoona. Ubavuni mwa koti, kando ya mshono uliopo, kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vya sindano, mshono wa zamani uliofumuliwa. Kando ya huo, mwingine. Nyuma ya kiuno cha suruali hali ilikuwa mbaya zaidi. Vitundu vilipangana kama njia za siafu, na mwisho kabisa, akiba ilipoisha, baba alikuwa ameongeza kipande cha umbo la pembetatu, cha kijani kilekile, kimefichwa chini ya koti mahali ambapo jicho halifiki. Kila mara suti ilipoletwa kwa kifungo kilichokatika au mfuko uliotoboka, baba alikuwa ameipanua kidogo na kuirudisha bila kusema neno. Na mwenye suti alikuwa amezunguka na mwili wake ule kutoka mkutano hadi mkutano, akituhutubia juu ya kujinyima.

Nilicheka peke yangu mpaka muuza mitumba akaja kuchungulia. Halafu nikachukua futi, nikapima kiuno cha suti ile ya kijani, nikalinganisha na namba niliyoandika. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilipima tena. Sikucheka tena.

Maana nilishaelewa kinachokuja. Mtu akibana tumbo, kifua kinapanda na mgongo unafupika. Mimi nilikuwa nimekata koti kwa mtu aliyebana tumbo. Mwenye koti akipumua, na katika ufunguzi kuna hotuba, hakuna anayehutubia bila kupumua, kifua kitashuka na kuacha koti likiwa tupu pale juu, tumbo litatoka na kuvuta kifungo, na chini ya kifungo sehemu mbili za mbele zitaachana kama mlango wa kukunja. Watu watasema fundi hajui kazi. Hakuna atakayesema Mwenyekiti hajui kupumua.

Ningeweza kumwambia. Niliifanyia mazoezi sentensi ile mara kadhaa, nikiwa napiga pasi: Mwenyekiti, naomba nikupime upya, safari hii ukiwa umekaa. Kila nilipofika mwisho wake nilimwona anachukua mkasi. Tena kuna hili: nikilipanua koti sasa, siku ya jaribio atasimama vile vile na tumbo ndani, na koti litamning'inia kama gunia, na atanikataa palepale.

Basi nikafanya kama baba, ila kwa haraka, kwa sababu yeye alikuwa na miaka na mimi nilikuwa na wiki. Niliacha bandi za ubavuni zilivyokuwa, zimebana. Aliporudi kwa jaribio la mwisho akavaa, akabana, akajitazama, akaridhika, akaondoka. Alipovuka tu barabara nikafumua kila kitu. Nikatoa akiba yote ya ubavuni na ya mgongoni, nikapunguza kidogo kifuani. Pindo la mbele nilikuwa nimelikunja refu, nikaliteremsha, kwa kuwa koti la mwenye tumbo lazima mbele liwe refu kuliko inavyodhaniwa, vinginevyo linapanda. Mifuko nilikuwa sijaipasua bado, kwa hiyo kwenye mstari wa mfuko nilibana kipande chembamba ili pindo lirudi ndani chini ya tumbo badala ya kusimama mbali nalo kama mwavuli. Suruali nikaipanua nyuma mpaka akiba ya mwisho. Kisha nikafunga bitana, nikashona vifungo, nikapiga pasi kwa kitambaa chenye maji juu yake, na mvuke ulipotoka ile suti ilikuwa suti. Ninasema hivi bila aibu. Ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mtu ambaye mwenye suti alikuwa hajawahi kukubali kukutana naye.

Niliifunga kwenye gazeti, nikampelekea mke wake nyumbani. Nilimwambia, "Mama, asiijaribu mpaka siku yenyewe, isije ikakunjika."

Akanitazama. "Umempima amekaa?"

"Nimempima kwa suti ya kijani."

"Basi vizuri," alisema.

Mwenyekiti alinialika kwenye ufunguzi. Nilipanda basi la asubuhi, tukapita Ulaya, nikafika Mikumi nimebadilika rangi kwa vumbi. Malori yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, utingo wamelala chini yake. Mbele ya nyumba ya wageni kulikuwa na utepe, viti vya kukodi, na kiongozi wa wilaya aliyekuja kukata utepe, amechelewa kama inavyotakiwa.

Mwenyekiti akatoka. Alikuwa amevaa, na alikuwa ametulia, kwa sababu asubuhi ile alikuwa na mambo mengi kuliko kukumbuka tumbo lake. Koti lilimpokea lote. Mstari ulianza begani ukashuka mpaka pindo bila kupinda. Watu waligeuka. Alihutubia juu ya uwekezaji binafsi, juu ya kila mtu kujitafutia, kwa sauti na mikono ileile aliyotumia kutuhutubia kinyume chake, na koti lilipumua pamoja naye. Nilikaa nyuma, nikiwa nimejawa na fahari ya kijinga.

Kisha akaja mpiga picha.

Mpiga picha alimwomba asimame mlangoni na mgeni rasmi. Aliposikia neno picha, Mwenyekiti akasimama wima. Mabega nyuma, kidevu juu, tumbo ndani, lote, kama kule dukani. Na suruali, niliyokuwa nimeikata kwa ajili ya yule mtu mwingine, suruali isiyo na mkanda wala mahali pa kupitishia mkanda, ikaona haina cha kuishikilia. Ilianza kushuka. Ilishuka taratibu, kwa heshima. Nilimwona akiihisi. Macho yake yalitoka kwa mpiga picha, yakapita viti vyote, yakanikuta mimi.

Angeweza kuachia tumbo na mambo yangekwisha. Hakuachia. Alitumbukiza mkono wa kushoto mfukoni, akaikamata suruali kwa ndani, akaishikilia hapo, akatabasamu. Mpiga picha akapiga. Kisha akapiga nyingine na familia, nyingine na wahudumu wa baa, nyingine kando ya lori, na katika zote Mwenyekiti yupo wima na mkono mmoja mfukoni, ametulia kama yule mzungu wa kwenye kalenda.

Baada ya chakula aliniita pembeni, nyuma ya jiko. Alikuwa amekula na alikuwa amesahau, kwa hiyo suti ilikuwa imemkaa vizuri tena.

"Kijana. Hii suruali dukani ilinitosha."

"Ilikutosha, Mwenyekiti."

"Sasa imekuwaje?"

"Hata sasa inakutosha."

Alijitazama chini. Kwamba inamtosha ilikuwa kweli, na alikuwa anaiona. Jikoni mtu aliangusha sufuria. Niliona anatafuta namna ya kunilaumu ambayo haipiti tumboni mwake, na kila njia ilipita hapo hapo.

"Kitambaa cha Ulaya," alisema mwishowe. "Kinalegea kwenye joto."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Kinalegea."

Hakuniagizia tena nguo. Kule Kilosa alisema kwamba mwana hana mkono wa babaye, kwamba babaye alimshonea suti moja ikamkaa maisha yake yote. Wapo waliomwamini, na kwa miezi kadhaa nilishona sketi za shule tu. Mke wake aliendelea kuniletea magauni yake, na hatukuzungumza juu ya jambo lile hata siku moja, ingawa kila mara alikaa kwenye stuli akitaka apimwe, na kila mara nilimwomba asimame kidogo.

Lakini picha ya mlangoni ilikuwa imetundikwa baa, kwenye fremu, juu ya friji, na Mikumi watu wanapita. Mvua zilipokwisha alikuja dukani mwenye vituo vya mafuta, mtu mpya mwenye fedha mpya na tumbo ambalo lilihitaji mlango wote. Alikuwa ameuliza suti ile ilishonwa wapi. Akatandaza kitambaa mezani.

"Nataka kama ya yule mzee wa picha. Ile ya mkono mfukoni."

"Mkanda?"

"Yeye hana."

"Hana, kweli," nikasema.

Nilichukua futi. Nilipofika usawa wa tumbo aliinua kidevu na kuanza kuvuta pumzi. Nikamwuliza mafuta yamepanda bei namna hii kwa sababu gani, na serikali inafikiria nini. Alinieleza kwa urefu, kwa hasira, mikono hewani, na nikampima kwa raha zangu, nikaandika namba ya kweli, nikaongeza vipitishio vya mkanda bila kumwomba ruhusa.